AK-47 au Vandal: mkono ujifunze njia ipi ya kuzuia rikoili

Mchezaji wa Mombasa anayelipia kompyuta kwa saa katika chumba cha michezo hana muda wa kujifunza kila bunduki, na kwa hiyo swali la kwanza linalomkabili ni mahali pa kuzielekeza saa zake za mazoezi. Wengi huhama kati ya Counter-Strike 2, uliotoka Septemba 2023, na Valorant, uliotoka Juni 2020, wakidhani kwamba mkono uliozoea mmoja utaufaa na mwingine. Kwa macho michezo hii inafanana: timu mbili za watu watano, bomu moja, na bunduki zinazopanda juu mtu anaposhikilia kitufe cha kipanya. Hata hivyo, kanuni inayoendesha rikoili, yaani lile teke linaloinua mtutu kila risasi inapotoka, si moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama inafaa kukariri njia nzima ya kipanya au kujifunza kuachia kitufe mapema.

Nimechagua bunduki mbili ambazo kila mchezaji huzikuta mapema: AK-47 upande wa Counter-Strike 2 na Vandal upande wa Valorant. Nyingine nitazigusa pale tu zinapobadilisha uamuzi.

Kabla ya kulinganisha, mambo mawili ambayo huchanganywa sana yatenganishwe. Rikoili ni mwendo wa mtutu, una mwelekeo, na kwa sababu una mwelekeo unaweza kujibiwa kwa kuvuta kipanya upande wa pili. Mtawanyiko ni bahati nasibu ndogo inayoongezwa juu yake: hata mtutu ukiwa umetulia kabisa, kila risasi huangukia mahali fulani ndani ya duara dogo, na duara hilo hupanuka unapotembea, unaporuka au unapoendelea kufyatua. Hakuna mkono unaoweza kuuzuia mtawanyiko. Unapunguzwa kwa kusimama, kwa kuchutama na kwa kufyatua risasi chache, basi. Mchezaji anayelaumu mkono wake kwa kosa la mtawanyiko atavuta kipanya zaidi na kuharibu hata kile kilichokuwa sawa.

AK-47: njia ile ile kila mara

Katika Counter-Strike 2 rikoili ya AK-47 imepangwa. Risasi ya tano leo itaelekea pale pale ilikoelekea risasi ya tano jana, tofauti pekee ikiwa ni ule mtawanyiko mdogo. Magazini ina risasi 30 na bunduki hutoa risasi 600 kwa dakika, yaani moja katika kila sehemu ya kumi ya sekunde, hivyo magazini nzima huisha katika muda usiofika sekunde tatu. Ukisimama mbele ya ukuta na kuimimina yote bila kugusa kipanya, utaona umbo lake: risasi nane au tisa za mwanzo hupanda karibu wima, zikiegemea kidogo kushoto kuelekea mwisho wa mpando huo, kisha mpando hukoma na risasi huvutwa kulia, baada ya risasi ya kumi na nne hivi hugeuka na kusafiri kushoto kwa hatua ndefu, na chache za mwisho hurudi tena kulia.

Mkono unatakiwa kuchora umbo hilo likiwa limepinduliwa: chini, halafu kushoto, halafu kulia, halafu kushoto. Maelezo haya ni rahisi kukariri, na ndiyo maana watu huishia hapo na kushangaa kwamba bado hawapigi. Kinachokosekana ni kasi. Mpando wa AK-47 hauko sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Risasi ya pili hupanda kiasi, ya tatu hadi ya sita hupanda kwa nguvu kuliko zote, ya saba na ya nane hulegea, na baada ya hapo mpando unakuwa mdogo mno. Mchezaji anayevuta kipanya chini kwa kasi moja huwa amezidisha mwanzoni na amepunguza katikati, na alama za ukutani humshtaki waziwazi: ya pili na ya tatu ziko chini ya shabaha, ya tano hadi ya saba ziko juu yake. Anayeendelea kuvuta chini baada ya risasi ya tisa hupata kosa la pili, ambalo ndilo la kawaida zaidi, kwani risasi zake humwagikia magoti na sakafu huku akiamini kwamba bado anapigana na mpando.

Jambo jingine linalowapoteza wengi ni kwamba kioo hakionyeshi rikoili yote. Kamera huinuka kwa sehemu tu ya kiasi ambacho risasi huinuka, kwa hiyo katikati ya mfululizo risasi hutua juu ya alama ya shabaha, wala si pale inapoelekeza. Anayefuata alama kwa macho, akijitahidi kuiweka kifuani mwa adui, atapiga juu ya kichwa. Alama inatakiwa kushuka hadi chini ya kifua, wakati mwingine hadi kiunoni, ili risasi zenyewe zibaki kifuani. Katika mipangilio ya alama ya shabaha kuna chaguo la kuifanya ifuate rikoili, ambalo konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri za mchezo, huliita `cl_crosshair_recoil`. Ninalipendekeza kwa siku za mwanzo za mazoezi ya ukutani, kwa sababu linaonyesha risasi ilipo hasa, lakini katika mchezo wenyewe alama inayorukaruka huwasumbua wengi wakati wa risasi ya kwanza, na risasi ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Ili kufanya mazoezi hayo, fungua ramani yoyote peke yako, washa konsoli na uandike:

```
sv_cheats 1
sv_infinite_ammo 2
sv_showimpacts 1
sv_showimpacts_time 10
weapon_accuracy_nospread 1
```

Mstari wa mwisho huondoa mtawanyiko, hivyo kila alama inayobaki ukutani ni matokeo ya rikoili na mkono wako peke yake. Anza na risasi tisa tu. Zikishakaa ndani ya eneo la upana wa kifua mara kwa mara, ongeza hadi kumi na tano, kisha rudisha thamani ya mstari huo kuwa 0 uone kiasi ambacho bahati nasibu inakuharibia. Ukibaki na mtawanyiko umezimwa kwa muda mrefu utajidanganya kuhusu umbali unaoweza kupiga.

Mkono unasogea kiasi gani hasa

Hapa hesabu ndogo inafaa, kwa sababu watu hudhani kwamba kuzuia rikoili ni kuburuta kipanya mezani kwa nguvu. Katika Counter-Strike 2 kila hatua moja ya kipanya hugeuza mtazamo kwa digrii 0.022 zikizidishwa kwa thamani ya wepesi uliyoiweka. Tuseme kipanya chako kiko DPI 800 na wepesi ni 1.25. Kila hatua itakuwa digrii 0.0275, na digrii moja itahitaji hatua 36 na kidogo. Kwa kuwa hatua 800 ni inchi moja, digrii moja ni takriban milimita 1.2 za mkono. Hata kama mpando mzima ungetaka digrii kumi kamili za kushusha, mkono ungesogea milimita 12 hivi, tena ndani ya muda usiofika sekunde moja. Huo ni mwendo wa kiganja na vidole, mkono wa mbele ukiwa umetulia juu ya meza. Ukijiona unavuta bega, wepesi wako uko chini mno kwa mwendo huu au unavuta kupita kiasi.

Hesabu hiyo hiyo humsaidia mtu anayekaa kila siku kwenye kompyuta tofauti, jambo la kawaida kwa wanaocheza kwa kukodi mjini hapa. Kipanya ulichokikuta mezani kinaweza kuwa kimebadilishwa DPI na aliyekutangulia kwa kubonyeza kile kitufe kidogo cha juu. Weka wepesi 1.25, lenga kona ya ukuta, kisha sogeza kipanya taratibu hadi uzunguke mduara kamili na kurudi kwenye kona ile ile. Kwa DPI 800 safari hiyo ni takriban sentimita 41 na nusu. Ukimaliza mduara kwa sentimita 21 hivi, kipanya kiko 1600, na mazoezi yako yote ya ukutani yatakuwa ya uongo mpaka ukirekebishe. Rula ya shuleni inatosha.

Jasho nalo lihesabiwe. Kuanzia Januari hadi Machi, chumba kisicho na feni nzuri hukifanya kitambaa cha kipanya kishike mkono, na mwendo wa sentimita moja unaohitaji kuanza polepole na kuongezeka kasi huharibika hapo hapo: kipanya hukwama, kisha huruka. Alama yake ukutani ni nafasi kubwa kati ya risasi ya tatu na ya tano. Kabla ya kubadili chochote katika mipangilio, futa kiganja au weka kitambaa kikavu chini ya kifundo cha mkono.

Vandal: njia inayojulikana mwanzoni tu

Vandal ina risasi 25 na hutoa risasi 9.75 kwa sekunde, karibu sawa na AK-47. Risasi chache za mwanzo hupanda juu kwa namna inayotabirika, na mkono huzijibu kwa kuvutwa chini kama kawaida. Baada ya hapo mpando hutulia na mtutu huanza kuyumba kushoto au kulia, na hapa ndipo njia za michezo hii miwili zinapoachana, kwa kuwa wakati wa kugeuka upande huamuliwa na bahati nasibu. Magazini moja inaweza kuelekea kushoto kwa muda mrefu, na inayofuata ikageuka mapema. Hakuna umbo la kukariri. Anayetaka kuendelea kufyatua lazima atazame risasi zinakokwenda na kujibu baada ya kuona, na jicho la binadamu huchelewa kwa muda unaotosha risasi mbili au tatu kupotea kila mtutu unapogeuka.

Je, hasara hiyo ni kubwa? Tazama hesabu ya uharibifu. Mchezaji wa Valorant mwenye ngao nzito ana jumla ya pointi 150. Risasi moja ya Vandal kichwani huondoa 160 kwa umbali wowote, na ya kiwiliwili huondoa 40, kwa hiyo nne za kiwiliwili zinamaliza kazi. Kati ya risasi ya kwanza na ya nne hupita sekunde 0.31. Maana yake ni kwamba adui aliyepigwa vizuri huwa ameanguka kabla ya mtutu kuanza kuyumba kwa nguvu. Bunduki hii imeundwa ili ikulipe kwa risasi ya kwanza na kukutoza kwa zinazofuata. Kwa maoni yangu, anayetumia saa nzima kujifunza kudhibiti risasi ya kumi na tano ya Vandal anajifunza kuendesha jambo ambalo mchezo wenyewe umekataa kuendeshwa.

Njia inayofaa basi ni mkupuo mfupi: risasi mbili hadi nne, kipanya kikishuka kidogo kwa pamoja nazo, kisha kitufe kiachiwe kwa takriban theluthi moja au nusu ya sekunde mpaka bunduki itulie. Wengi hukosea katika kipindi hicho cha kuachia. Hurudia kufyatua mapema mno, na mkupuo wa pili huanzia pale ule wa kwanza ulipoishia, yaani juu na ukiwa na mtawanyiko mpana. Katika mipangilio ya alama ya shabaha, washa `Firing Error` wakati wa mazoezi tu. Alama hutanuka kadiri unavyofyatua na hurudi bunduki inapotulia, hivyo utaona kwa macho lini mkupuo wa pili umeruhusiwa. Kosa la pili ni kurudisha kipanya juu kwa mkono baada ya mkupuo. Mchezo hurejesha rikoili wenyewe, na unachobaki nacho ni kile tu ulichovuta zaidi ya kiasi. Ukikuta alama yako iko chini ya shabaha kila baada ya mkupuo, ulivuta sana.

Kwa umbali mkubwa hata mkupuo hautoshi. Mtawanyiko wa risasi ya kwanza ya Vandal ukisimama bila kuchungulia kwenye darubini ni digrii 0.25, kwa umbali wa mita 50 duara hilo lina nusu kipenyo cha sentimita 22 hivi, na kichwa kinaweza kukoswa hata kama umelenga katikati yake. Hapo dona risasi moja moja, ukitumia darubini au ukichutama.

Basi magazini ndefu ni ya nini?

Hesabu ya AK-47 haiko mbali sana. Huondoa 36 kwa mtu asiye na kinga ya mwili, na kifua chenye fulana ya kinga hupungukiwa na 27, hivyo risasi nne zinamwangusha mtu mwenye afya 100. Kichwani moja inatosha hata akiwa na helmeti. Mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini basi ajisumbue na risasi tisa au kumi na tano.

Jibu liko katika mtu wa pili. Tuchukue mfano wa Dust II: wewe umesimama eneo la bomu la B, na wapinzani wawili wanatoka kwenye handaki wakifuatana. Wa kwanza anaanguka kwa risasi ya tano. Kwa macho yako, mwenzake yuko hatua mbili upande wa kulia, na ukiachia kitufe ili bunduki itulie, yeye ndiye atakayefyatua kwanza. Mchezaji aliyekariri njia haachii. Anajua kwamba kufikia risasi ya sita alama yake iko chini ya mahali risasi zinapotua kwa kiasi fulani, kwa hiyo anaibeba alama kwenda kulia ikiwa katika kimo kile kile cha chini, usawa wa kiuno cha mtu wa pili, huku akiendelea na sehemu iliyobaki ya kushusha. Risasi mbili zitapotea njiani, na ya nane hadi ya kumi na moja ndizo zitakazomkuta. Katikati ya safari hiyo bunduki yenyewe inaanza kuvutwa kulia, yaani upande ule ule anaokwenda, kwa hiyo mkono husogea kidogo kuliko ambavyo jicho lingetaka. Kama mtu wa pili angekuwa kushoto, mkono ungelazimika kusogea zaidi. Elimu ya namna hii inawezekana kwa sababu tu njia ya AK-47 haibadiliki, na katika Valorant haina mahali pa kusimama. Risasi za kupenya kwenye moshi hufuata mantiki hiyo hiyo.

Kuna sharti moja linalovuka michezo yote miwili: simama kabla ya kufyatua. Ukiwa unakimbia kulia kwa `D`, gusa `A` mara moja ili mwili usimame papo hapo, ndipo ubonyeze. Risasi zilizotawanyika kila upande bila umbo lolote ni dalili ya miguu. Zilizojipanga mstari wa kupanda ni dalili ya mkono.

Uamuzi

Kwa mtu mwenye kipanya chake mwenyewe, mahali pa kudumu pa kukaa na subira ya kurudia ukuta, ninapendekeza AK-47 bila kusita, kwa sababu kila saa inayotumika hubaki kuwa mali: njia aliyojifunza mwezi huu itakuwa ile ile mwezi ujao. Aishie risasi kumi na tano. Nusu ya pili ya magazini hutumika mara chache mno, na muda wake ni bora upelekwe kwenye bunduki ya upande wa walinzi. Hapo M4A1-S ni rahisi zaidi kudhibiti kwa kuwa teke lake ni dogo, ingawa risasi zake 20 haziruhusu uzembe. M4A4 ina 30 na hufyatua kwa kasi zaidi, lakini inadai umbo jingine la kukariri.

Kwa mtu anayebadilisha kompyuta kila siku na kucheza saa moja au mbili jioni, Valorant itamsamehe zaidi, mradi ajifunze mkupuo mfupi na asione aibu kuachia kitufe. Akiwa ni mtu ambaye kidole hakiachii kirahisi, achukue Phantom badala ya Vandal: ina risasi 30, hutoa 11 kwa sekunde, ni tulivu zaidi katika mfululizo, na adui haoni mistari ya risasi zake zinapopita kwenye moshi. Gharama ni umbali. Hadi mita 15 risasi ya kichwani huondoa 156, lakini kuanzia hapo hushuka hadi 140, na mwenye ngao nzito hubaki hai.

Anayecheza yote miwili ahamishe angalau wepesi wa kipanya kwa usahihi. Valorant hugeuza digrii 0.07 kwa kila hatua, kwa hiyo thamani ya Counter-Strike 2 hugawanywa kwa 3.18, na 1.25 inakuwa 0.393. Mduara kamili utabaki sentimita zile zile 41 na nusu, na rula ile ile itathibitisha.